Nani Azime Mashine ya Kasimbwe

Mashine iliwashwa asubuhi kama siku nyingine zote, na wanawake waliokuwa wameketi kwenye kilio nyumbani kwa Pulchérie wakaacha kuimba.

Kutoka uani kwake, pembezoni mwa Baraka kwenye barabara ya Swima, kilima cha Kasimbwe kinaonekana chote, na sauti ya mashine ya kusaga mawe, ambayo watu wa hapa huiita konkaseri, hufika bila kizuizi. Kwanza huunguruma jenereta. Halafu mkanda unaanza kuzunguka. Halafu jiwe la kwanza linaangukia kwenye taya za chuma. Henri, mtoto wa Pulchérie, alikuwa amefia kwenye mkanda huo siku iliyotangulia. Mwili wake ulikuwa katika chumba cha maiti cha hospitali.

"Munasikia?" alisema Marthe, aliyekuwa amekaa na Pulchérie tangu habari ilipofika. "Muntu amekufa mu kinywa yake, na inaendelea kula."

"Labda banaijaribu tu," alisema mwanamke mwingine.

"Banajaribu nini? Jana ilijaribu vizuri."

Hakuna aliyecheka. Pulchérie alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayengoja sauti ikome.

Alikuwa na sababu ya kungoja. Katika pwani hii ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mvuvi akifa kazini, mwenye mitumbwi huivuta yote nchi kavu na kuilaza mpaka maziko yapite. Taa hazishuki ziwani, nyavu hazitoki. Halafu yeye mwenyewe huja kuketi kwenye kilio, chini, pamoja na wafiwa, na siku ya kuzika hutia udongo kaburini baada ya wazazi. Asipofanya hivyo, watu husema marehemu bado yuko kazini. Waponda mawe wa Kasimbwe, ambao wengi ni wake na mabinti wa wavuvi, walichukua desturi hiyo wakaipeleka kilimani. Mwaka ule mwamba ulipomwangukia mzee mmoja, nyundo zote zililala.

Kwa hiyo Pulchérie alikuwa akingoja mambo mawili: mashine izimwe, na mwenye kazi aje. Hakutaka jambo la tatu. Sanduku lilikuwa limekwisha kuletwa na gari la kampuni, sanduku zuri lenye vishikio vya shaba, pamoja na magunia ya mchele. Dereva alilishusha, akatoa pole, akaondoka.

"Sanduku imekuya," alisema Marthe. "Sasa tungoje miguu."

Pulchérie alizaliwa Swima, katika nyumba ya Wakatoliki wavuvi. Vita vilipofika, alivuka ziwa na mama yake na kukulia katika kambi za Kigoma, na huko akaolewa na mwanamume wa kwao ambaye hakuishi hata kuona nchi tena. Aliporudi Baraka alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, hana shamba, hana mtumbwi. Aliyempokea ni Adolphine, mwanamke aliyeponda mawe Kasimbwe, naye alikuwa na mtoto wa kiume, Fabien, mkubwa kwa Henri. Adolphine alimfundisha kuwasha moto juu ya mwamba mpaka uwe mwekundu na kuumwagia maji ili upasuke, kulizungushia jiwe pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke machoni, na kupiga kwa mkono uliolegea, kwa sababu mkono uliokazwa haumalizi mwaka. Waliuza kokoto kwa ndoo kwa watu waliojenga nyumba, shule na makanisa. Adolphine alipougua, Pulchérie ndiye aliyemwogesha, na alipofariki, Fabien alikula kwa Pulchérie mpaka alipopata njia ya kwenda Lubumbashi kusoma. Alimwita mama mudogo, kama mtu anavyomwita mdogo wa mama yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kilima chenyewe ni cha ukoo mmoja, na wanawake walikiponda kwa ruhusa ya ukoo huo. Mgeni anayetaka ardhi hapa huja na mbuzi. Watu wa nje hudhani mbuzi huyo ni malipo, nao hufanya haraka kumtoa ili wamalize. Si malipo. Mbuzi huyo huchinjwa, na wakati nyama inaiva mgeni huketi katikati na kuulizwa maswali, na anayetaka kuuliza huuliza, hata mwanamke, hata mwenye ulevi wake. Umetoka wapi? Nani amekutuma? Ukivunja kitu chetu, tukienda kwako tutamkuta nani? Asiyejibu hula nyama kama wengine na kurudi alikotoka.

Miaka kadhaa iliyopita ilikuja kampuni yenye jina la kigeni, ikitaka kilima kwa ajili ya mawe ya barabara. Mwakilishi wake alijibu swali la kwanza vizuri. La pili alilijibu kwa kusema kwamba wakubwa wako mbali na wana shughuli. La tatu hakulijibu. Wanawake walikaa barabarani na nyundo zao mapajani, na magari yakageuza.

Kisha ikaja Bana Kasimbwe. Jina hilo, Watoto wa Kasimbwe, liliandikwa kwa rangi ya kijani kwenye kibao, na chini yake neno Sarl, yaani kampuni yenye wenye hisa, ambalo halikumsumbua mtu. Aliyekuja kusema kwa niaba yake hakuwa mgeni. Alikuwa Fabien, amenenepa kidogo, shati lake jeupe, na alipofika kwa waponda mawe aliwasalimu kwa Kibembe mmoja mmoja, akachukua nyundo ya Marthe na kuponda jiwe ili waone kama bado anajua. Aliponda kidole. Walicheka mpaka wakatoa machozi.

"Lubumbashi imekuharibu mukono!" Marthe alimwambia. "Unapiga jiwe sawa unapiga mukate."

Hakuna aliyemdai mbuzi. Kumdai mtoto wa nyumbani mbuzi wa mgeni ni kumtukana yeye na kaburi la mama yake. Wazee wa ukoo walisema hivyo waziwazi, na Pulchérie alisema hivyo kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeulizwa kama ana la kuongeza. Kwa kuwa mbuzi hakuja, maswali pia hayakuja. Wanawake walipisha kilima. Waliahidiwa kwamba watoto wao watapata kazi ya kwanza, na ahadi hiyo ilitimizwa: Henri aliajiriwa wiki ile ile mashine iliposimikwa. Alisimama kando ya mkanda akiondoa udongo na mizizi kwenye mawe. Alioa. Mkewe, Divine, alikuwa mjamzito wakati alipofariki.

Kifo chenyewe kilikuwa cha haraka, na kinachojulikana si kingi. Wavu wa chuma unaofunika gurudumu la mkanda ulikuwa umeondolewa ili ukarabatiwe, na mkanda ukaendeshwa bila wavu. Mkono wa shati ukashikwa. Mwenzake alikimbilia kitufe cha kuzima, lakini mashine hiyo hukawia kidogo kabla ya kusimama. Kampuni ilitoa taarifa ya ajali kwa mkaguzi wa kazi, kama sheria inavyotaka, na baada ya kuosha mkanda ikautia mafuta.

Siku ile ya pili ya kilio, jioni ilipokaribia bila mwenye kazi kuonekana, Pulchérie alimwita Bertin, mdogo wa marehemu mume wake. Bertin ni mtetezi mahakamani. Hana cheo cha wakili, lakini sheria inamruhusu kuwasemea watu mbele ya mahakama za hapa, na kazi yake kubwa ni mipaka ya mashamba na ugomvi wa urithi.

"Shemeji," Pulchérie alimwambia, "uende kwa Fabien. Umwambie mwenye kazi akuye. Na kama ni yeye, akuye yeye."

"Unajua ni yeye, Mama Henri. Bana Kasimbwe ni yake."

"Kama ni yake, juu ya nini mashine inalia?"

Kwa tabia yake Bertin hulitafutia karatasi jambo asilolijua. Alimpigia mwenzake wa Bukavu, ambako daftari la biashara la jimbo lilikuwa likitunzwa, akamwomba aende mahakama ya biashara, kwenye ofisi ya karani, achukue habari za kampuni hiyo. Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu anayelipa ada. Kesho yake picha ya kwanza iliingia kwenye simu yake: dondoo la usajili. Lilionyesha jina, makao, kazi ya kampuni na meneja wake, ambaye ni Fabien, Mkongomani, mzaliwa wa Fizi, yaani wa hapa hapa. Bertin alilisoma kwa sauti uani.

"Si nilisema?" mzee mmoja wa ukoo alisema. "Ni ya kwetu."

"Ngoja, Baba," Bertin alimjibu. "Hii inasema nani anaendesha. Dereva pia anaendesha, na gari haiko yake."

Alimwomba mwenzake hati nyingine, katiba ya kampuni, kwa sababu humo ndimo wenye hisa wanapoandikwa na uraia wao na kiasi cha kila mmoja. Nayo ikaja. Hisa zilikuwa mia moja. Fabien alikuwa na hamsini na moja. Arobaini na tisa zilikuwa za kampuni nyingine iliyosajiliwa Dubai.

Uani pakawa na kitu kama ahueni. Hamsini na moja ni zaidi ya nusu, hata asiyesoma anajua. Kampuni ilikuwa ya Fabien, Fabien alikuwa mtoto wa Adolphine, na kilichobaki ni kumwamsha aje kufanya inavyopasa. Pengine alikuwa na aibu. Pengine aliogopa macho ya Divine.

Ni Marthe aliyesema, bila kumtazama mtu: "Na mashine ni ya nani?"

Bertin na Marthe walikwenda nyumbani kwa Fabien siku hiyo hiyo. Ni nyumba ya matofali mjini Baraka, nzuri bila kuwa kubwa. Fabien mwenyewe alifungua mlango. Hakuwa amenyoa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelia.

"Mama yako mudogo anakungoja," Marthe alisema kabla hata ya kukaribishwa. "Siku ya tatu. Kilio iko hapa karibu, hauhitaji pasipoti."

"Ninajua, Mama Marthe."

"Kama unajua, miguu iko wapi?"

Bertin alimtuliza Marthe kwa mkono, akakaa, akaweka simu mezani. "Fabien, nimeona katiba. Hamsini na moja ni yako."

"Ni yangu."

"Vizuri. Basi uzime mashine mpaka tuzike. Hatuombi kingine."

Fabien aliisukuma simu kando.

"Nikuulize maneno tatu," Bertin aliendelea, kwa sauti anayoitumia na mashahidi. "Ile konkaseri, kampuni iliinunua?"

"Hapana. Tunaikodi."

"Kwa nani?"

"Kwa bale ba Dubai."

"Na buldoza? Na malori?"

"Yote ni ya kukodi. Kwao."

"Pesa ya mawe ikiingia benki, nani anasaini ili itoke?"

"Anton." Anton alikuwa mkuu wa machimbo, mgeni aliyefika pamoja na mashine. "Anasaini peke yake."

"Na ikiisha kulipa kodi ya mashine, inabaki nini ya kugawa?"

"Haijabakia kitu hata mwaka moja, Papa Bertin. Kodi inameza yote. Mi napata mushahara. Mwisho wa mwezi, sawa karani."

Marthe alikuwa akiwatazama kwa zamu. "Sasa hamsini na moja yako ni ya nini? Hamsini na moja ya kitu gani?"

"Ya kibao," alisema Fabien. "Ya kibao, na muhuri, na meza yangu."

Alieleza mengine bila kuulizwa tena, kama mtu anayeshusha mzigo. Mkandarasi mkubwa wa barabara haruhusiwi kumpa kazi ndogo za ndani ya mkataba wake mtu yeyote amtakaye. Sheria inazitenga kazi hizo kwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Wale watu walikuwa na mashine lakini hawakuwa na Mkongomani. Walimkuta Lubumbashi, hana kazi, ana diploma na kilima nyumbani kwao. Jina la Bana Kasimbwe alilibuni yeye. Alilipenda. Alifikiri kwamba akikaa ndani kwa muda angejifunza, angeweka akiba, na siku moja angenunua hata mashine moja.

"Nilijua bataona jina, banione mimi, basi," alisema. "Hakuna mwenye aliniuliza."

"Tusingekuuliza!" Marthe alisema. "Utauliza mutoto yako kama ni mugeni?"

"Nilimwambia Anton azime. Ile siku yenyewe nilimwambia. Alisema barabara iko na tarehe yake, na kila siku ya kusimama kuna faini. Alisema atatuma mbuzi na mafuta kwa familia. Nikakataa mbuzi, Mama Marthe. Nilimwambia: ile mbuzi imechelewa."

Bertin aliirudisha simu mfukoni. Kisheria, alijua, jambo hilo lilikuwa na pande mbili, na zote zilimkata Fabien. Akisema hadharani kwamba kampuni si yake, anakiri kwamba amekopesha jina lake ili kuizunguka sheria. Kazi itafungwa, na wa kwanza kuitwa na mwendesha mashtaka atakuwa yeye, kwa sababu saini zote ni zake. Akisema ni yake, basi wavu ulioondolewa ni wake pia, na kifo cha Henri kitamfuata yeye, si mtu wa Dubai. Kwa vyovyote, yule aliyeamuru mkanda uzunguke hakuwa mahali popote kwenye karatasi hizo ila kama mwenye hisa chache.

"Kuya uketi tu," Bertin alimwambia mwishoni. "Mengine tutaona."

"Nikiketi, nitaketi sawa nani?"

Walimwacha na swali hilo.

Pulchérie alielezwa jioni, polepole, na Bertin hakumficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: kama yule Anton ndiye mwenye kazi.

"Hapana," alisema Bertin. "Naye anatumwa."

"Na ule wa Dubai ana jina?"

"Ni kampuni, shemeji. Katiba haisemi ni ya nani. Labda nyuma yake kuna ingine."

"Kwa hiyo hakuna muntu."

"Kuna muntu. Hatumuoni tu."

Pulchérie alikunja kanga yake vizuri kwenye magoti. Alisema kwamba kumdai Fabien mbuzi kungewagharimu adabu ya siku moja tu. Wangemwaibisha Fabien, angekasirika, na kesho yake wangekula pamoja. Hakulalamika alipokuwa akisema hivyo. Halafu akasema mtoto azikwe kesho, kwa sababu hospitali haina barafu ya kuendelea na Divine hawezi tena kukaa chini.

Makaburi yapo kwenye mteremko wa Kasimbwe unaotazama ziwa. Siku ya maziko padri alilazimika kupaza sauti. Kila mara lori lilipomimina mawe, alinyamaza, akangoja, akaendelea pale alipoishia. Watu walikuwa wengi. Wavuvi wa Swima walikuja, na wamama wa nyanda za juu wanaouza maziwa sokoni, ambao Henri alikuwa akiwabebea madumu, walisimama pamoja upande mmoja.

Fabien alifika wakati sanduku linashushwa. Alikuja kwa miguu. Watu walimpisha njia mpaka kwenye ukingo wa kaburi, na kwa desturi mahali pale, baada ya wazazi, ni pa mwenye kazi. Pulchérie alitia udongo. Divine alitia udongo, akishikiliwa mabega. Bertin alimpa Fabien sepetu, kwa sababu lazima apewe mtu.

Pulchérie aliweka mkono juu ya sepetu.

"Fabien," alisema. "Mbele ya bantu wote. Ni weye mwenye kazi?"

Kulikuwa na askari polisi wawili pale, na mtu wa ofisi ya barabara, na vijana wote wa machimbo waliokuwa wamepata ruhusa ya nusu siku. Fabien aliwaona. Juu, lori lilimimina mzigo mzima.

"Ni mimi, mama mudogo," alisema.

"Basi uizime."

Alitoa simu. Alipiga, akageuka upande, akasema kwa Kifaransa, akisihi kwanza, halafu akiamuru. Waliokuwa karibu walisikia neno tafadhali, halafu maneno mimi ndiye meneja, halafu jina la Henri. Kisha simu ikakatwa upande wa pili. Alipiga tena. Haikupokelewa. Alipiga mara nyingine, na watu wote pale mteremkoni walikuwa wamegeuza nyuso zao kuelekea juu, ambako vumbi jeupe liliendelea kupanda kutoka kwenye taya za mashine kama linavyopanda kila siku.

Hakuna aliyemzomea. Kijana mmoja wa machimbo alivua kofia yake ya plastiki na kuiweka chini.

"Nimeona," Pulchérie alisema. "Inatosha. Usipige tena."

"Mama mudogo, unisamehe."

"Nikusamehe sawa nani? Wewe si mwenye kazi. Ningejua, ningekuuliza maneno tatu, na wewe ungelia, na Henri angekuwa anaponda mawe na mimi." Alimwachia sepetu. "Tia udongo. Tia sawa mutoto wa Adolphine. Ule mwenye kazi, fasi yake hapa kwa kaburi tutaiacha."

Fabien alitia udongo. Halafu wengine wakafuata, na kaburi likajazwa, na kelele haikukoma hata wakati wa sala ya mwisho.

Yaliyofuata yalikuwa na mwendo wa mambo ya ofisi. Mkaguzi wa kazi alikuja, akapima mkanda, akaandika kwamba wavu haukuwepo. Jalada la fidia ya Divine lilikwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na bado linatembea. Fabien aliitwa kujieleza mara mbili, akajibu kwamba yeye ndiye mwenye kampuni, kwa sababu ndivyo karatasi zinavyosema, na akatozwa faini ambayo hakuilipa yeye. Baadaye aliacha kazi. Inasemekana yuko Kalemie. Hisa zake hamsini na moja zilihamishiwa kwa kijana mwingine, Mkongomani, mzaliwa wa Fizi, na kibao cha kijani hakikuhitaji kubadilishwa hata herufi. Wazee wa ukoo walimwita kijana huyo na kumtaka mbuzi. Alimleta mnono. Alipoulizwa wakimtafuta atakayejibu watamkuta nani, alisema watamkuta yeye. Walimwuliza kama anaweza kuzima mashine. Nyama ililiwa kimya.

Divine alijifungua mtoto wa kike. Pulchérie humbeba asubuhi, wakati mama yake anauza dagaa, na hujitahidi kutomwimbia nyimbo za kuponda mawe, kwa kuwa mtoto huzipenda na hudai zirudiwe.

Kwa desturi ya hapa, wafiwa hulala chini, juu ya mkeka, mpaka matanga yaondolewe, na mkeka huondolewa siku ile mwenye kazi anapokuja kukaa nao mara ya mwisho, kula nao na kunyanyuka nao. Kwa wengi ni siku arobaini. Bertin na padri wamemwambia Pulchérie kwamba anaweza kuunyanyua mwenyewe, Mungu haangalii mambo hayo. Anawaitikia kwa heshima. Kitanda chake kimeegemezwa ukutani, na Marthe, ambaye mgongo wake hauwezi sakafu, huja mara kwa mara kulala naye chini ili asilale peke yake.

"Akuye tu," Marthe husema akijinyoosha, "hata kwa simu. Mi nachoka."

"Lala," Pulchérie humjibu.